Uzi: Nawezaje kuzigeuza slaidi 42 za warsha ya ulezi kuwa karatasi ya tafakuri yenye mpango wa utekelezaji?

Mwezeshaji_Roysambu

Hamjambo nyote. Mimi huendesha warsha za ulezi wa kikazi kwa walimu wenye uzoefu ambao wamepewa jukumu la kuwashika mkono walimu wapya katika shule za sekondari za upande huu wa Kasarani na Roysambu. Warsha huchukua saa tatu, huwa na washiriki 24, nami huiongoza kwa slaidi 42 ambazo nimezikusanya na kuzirekebisha kwa miaka kadhaa. Sasa waandaaji wameniomba nizigeuze slaidi hizo ziwe karatasi ya tafakuri ya kibinafsi, ambayo kila mshiriki ataijaza mwenyewe na kuondoka nayo, na mwishoni mwake pawe na maswali ya kumwongoza kuandika mpango wa utekelezaji.

Nimekwisha kujaribu mara moja, na sikuridhika. Nilichukua slaidi moja baada ya nyingine, nikakigeuza kichwa chake kuwa swali, kisha nikaacha mistari miwili ya kujibia. Slaidi ya 14, kwa mfano, ina kichwa "Sifa za mlezi bora", na chini yake kuna mambo manne: kusikiliza, kuvumilia, kutunza siri na kutoa mrejesho wa kweli. Swali langu likawa "Taja sifa nne za mlezi bora." Karatasi ilifikia kurasa 11. Nilipoigawa Jumamosi iliyopita na kupita kati ya meza, niliwaona washiriki wakiinua macho ukutani, wakinakili kilichokuwa kwenye skrini, kisha wakifunua ukurasa unaofuata. Sehemu ya mpango wa utekelezaji tuliifikia zikiwa zimebaki dakika sita. Wengi waliandika "kuboresha mawasiliano na mlelewa wangu", na kwenye safu ya muda wakaandika "kila wakati".

Naomba mwenye uzoefu anieleze nilipokosea, kwa sababu warsha nyingine iko baada ya wiki tatu.

Nyota_wa_Juja

Dada, kazi hiyo haina haja ya kukuumiza kichwa, kwa sababu programu yenyewe inaifanya. Fungua slaidi zako katika PowerPoint, nenda kwenye `File > Print`, kisha chini ya `Handouts` uchague `3 Slides`. Kila ukurasa utakuwa na slaidi tatu upande mmoja, na mistari ya kuandikia upande wa pili. Ukitaka kuzihariri zaidi, tumia `File > Export > Create Handouts`, nazo zitafunguka katika Word. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo kwa mafunzo ya kompyuta na sijawahi kupata malalamiko.

Mwezeshaji_Roysambu

Asante, Nyota. Njia hiyo ninaijua, nayo hufaa mshiriki anapotaka kuandika maelezo ya yale ninayoyasema. Shida yangu ni tofauti kidogo: nataka karatasi imfanye mshiriki aandike kuhusu yeye na mwalimu anayemlea. Mistari iliyo kando ya slaidi haimwulizi chochote.

Otis_wa_Umoja

Mimi hufanya kazi na vikundi vya vijana, na kwa maoni yangu kasoro yako iko kwenye mpango wa utekelezaji, wala si kwenye maswali. "Kuboresha mawasiliano" si lengo. Lengo ni lazima liwe mahususi, lipimike, liwezekane na liwe na tarehe. Weka jedwali la safu tano: lengo, hatua, kipimo, tarehe na mhusika. Halafu kwa upande wa tafakuri, badala ya kuwaandikisha insha, wape vipimo: "Mimi ni msikilizaji mzuri, 1 hadi 5." Watajaza kwa dakika tatu, na utakuwa na takwimu za kuwaonyesha waandaaji.

Fundi_wa_Mtaala

Nimekuwa nikiandaa vifaa vya mafunzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa hili alilolieleza mwalimu nimeliona mara nyingi, nami mwenyewe nimelifanya. Ruhusuni nilieleze kwa urefu kidogo.

Slaidi zimeandikwa kumsaidia anayezungumza. Vichwa vyake ni vichwa vya hotuba, na mpangilio wake ni mpangilio wa hotuba: salamu, maana, umuhimu, sifa, hatua, hitimisho. Ukigeuza kila kichwa kuwa swali, unachokipata ni mtihani wa hotuba hiyo, na mtu mzima akipewa mtihani atatafuta jibu mahali lilipo, nalo liko ukutani mbele yake. Kwa hiyo washiriki wako hawakufanya uvivu. Walijibu swali waliloulizwa.

Kuna jaribio moja ninalolitumia kwa kila swali kabla ya kuliingiza kwenye karatasi ya tafakuri. Jiulize: washiriki wawili walioketi bega kwa bega wakilijibu swali hili, je, majibu yao yatafanana? Yakifanana, swali linapima hotuba, na linafaa kuondolewa. Likiwa swali la tafakuri, majibu yao hayawezi kufanana, kwa kuwa kila mmoja ana mlelewa wake, ana siku yake na ana jambo lake lililomshinda.

Sasa kuhusu mahali pa kuanzia: usianzie kwenye kompyuta. Chapisha slaidi zote 42 kwa udogo, sita kwa ukurasa, uzikate, uzitandaze mezani. Zigawe katika mafungu. Fungu la kwanza ni slaidi za maelezo, yaani zile ambazo mshiriki anatakiwa kuzijua tu, kama vile muda wa programu na idadi ya vikao. La pili ni slaidi za mifano na visa. La tatu ni zile ambazo zinamtaka mshiriki aamue au atende jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kumwamulia. Karatasi ya tafakuri hutoka katika fungu la tatu peke yake. Maelezo yakusanye kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu, na visa viache kwenye mazungumzo ya vikundi. Ukimaliza, tuambie umepata ngapi katika kila fungu.

Kwa Otis: uko sawa kuhusu tarehe, na kuhusu jedwali tutarudi. Kuhusu vipimo vya 1 hadi 5, sikubaliani nawe. Mtu akijipima mbele ya wenzake huandika 4. Hataki 5 asije akaonekana anajisifu, wala hataki 3 asije akaonekana hafai. Ukikusanya karatasi 24 zenye 4, hujajua lolote kuhusu usikilizaji wa yeyote kati yao.

Mwezeshaji_Roysambu

Mzee wangu, nimefanya kama ulivyosema, na nimekaa nikiviangalia vile vipande mezani kwa muda mrefu. Slaidi za vichwa, picha na salamu ni 6. Za maelezo ni 23. Za mifano na visa ni 9. Zile za kuamua au kutenda ni 4 tu: ya 14 kuhusu kusikiliza, ya 22 kuhusu mipaka ya mlezi, ya 29 kuhusu kutoa mrejesho baada ya kumtazama mwalimu akifundisha, na ya 40 kuhusu kuufunga uhusiano. Hiyo ya 40 ina sentensi moja tu: "Panga mwisho mwema."

Nimeandika upya swali la slaidi ya 14: "Je, unamsikiliza mlelewa wako ipasavyo? Eleza." Naona linapita jaribio la majirani wawili, lakini bado halinipi raha.

Fundi_wa_Mtaala

Halikupi raha kwa sababu linaalika ahadi. Mshiriki ataandika "Ndiyo, huwa ninamsikiliza, ingawa wakati mwingine kazi ni nyingi", nawe utakuwa umepata maneno tofauti yenye maana ileile. Swali lililoanza na "je" na kumalizika na "eleza" humfanya mtu ajitetee.

Mrudishe kwenye tukio. Jaribu hivi: "Kumbuka mazungumzo yako ya mwisho na mwalimu unayemlea. Andika sentensi moja aliyoisema yeye, kwa maneno yake mwenyewe. Chini yake, andika ulichomjibu." Acha nafasi ya mistari mitatu kwa kila sehemu, kisha unyamaze.

Utaona jambo litakalotokea. Baadhi yao wataandika mara moja. Wengine watakaa na kalamu hewani, kwa kuwa wanakumbuka vizuri sana walichosema wao, lakini maneno ya yule kijana hayapo. Kule kukosa sentensi ndiko tafakuri yenyewe, na hakuna hotuba ya slaidi 10 kuhusu usikilizaji itakayomfikisha hapo. Kwa hiyo ongeza mstari mmoja chini: "Ikiwa hukumbuki sentensi yoyote, andika hivyo, na uandike ulikuwa ukifanya nini kingine wakati wa mazungumzo hayo." Bila mstari huo mtu ataona aibu, naye atatunga sentensi.

Otis_wa_Umoja

Nimeelewa hoja ya vipimo, na nimezitazama tena fomu zangu za mwaka jana: kweli karibu zote ni 4. Hata hivyo, waandaaji wanataka kitu cha kuhesabu. Mwezeshaji hawezi kuwapelekea sentensi za watu.

Muuguzi_Langata

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo, hata kama kazi yangu si ya ualimu. Miaka michache iliyopita, nikiwa mgeni wodini, nilipelekwa kwenye warsha kama hii upande wa walelewa. Tulipewa karatasi ya tafakuri yenye swali "Ni nini kinachokuzuia kujifunza kutoka kwa mlezi wako?" Niliamini kwamba karatasi ni yangu, nikaandika kwamba mlezi wangu hunikaripia mbele ya wagonjwa, na kwamba siku hizi ninapokuwa na shaka kuhusu kipimo cha dawa humwuliza muuguzi wa zamu nyingine. Mwisho wa warsha karatasi zilikusanywa "kwa ajili ya ripoti". Wiki iliyofuata niliitwa ofisini na karatasi yangu ilikuwa mezani.

Sikuadhibiwa, lakini tangu siku hiyo sijaandika neno la kweli kwenye karatasi ya warsha yoyote. Dada, kabla ya swali la kwanza, mwambie mtu kwa maandishi ni nani atakayesoma anachoandika. Ukikusudia kukusanya, sema mapema. Ukisema hutakusanya, usikusanye hata mwandaaji akikuomba mlangoni.

Mwezeshaji_Roysambu

Pole sana, dada. Ninakiri kwamba Jumamosi ile nilizikusanya karatasi zote 24 na sikumweleza mtu yeyote kwa nini. Zimo kwenye begi langu hadi sasa, na nyingine zina majina kamili ya walimu wapya ambao hata hawakuwepo chumbani.

Fundi_wa_Mtaala

Hilo la majina ni zito kuliko linavyoonekana. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa inayomtambulisha mtu haikusanywi bila sababu iliyo wazi, na yule mwalimu mpya aliyeandikwa "hawezi kulidhibiti darasa" hakuulizwa. Kwenye karatasi waandike herufi moja tu, au waseme "mlelewa wangu". Zile 24 warudishie wenyewe.

Kuhusu ripoti, mimi hugawanya karatasi sehemu mbili. Sehemu ya tafakuri haiondoki mkononi mwa mshiriki. Sehemu ya mpango inaweza kunakiliwa, kwa hiari yake, kwenye kipande cha chini kinachochanwa, chenye mambo mawili tu: tarehe ya kikao kinachofuata na jambo atakalolifanya. Vipande hivyo vinahesabika, Otis, na baada ya mwezi mmoja unaweza kuuliza ni vikao vingapi vilifanyika kweli. Hiyo ni takwimu yenye maana kuliko wastani wa 4.

Otis_wa_Umoja

Nakubali kipande cha kuchana. Bado nina shaka kama waandaaji wote watakiridhia, maana wengine husema fedha zao zinahitaji ushahidi wa karatasi nzima.

Chapa_River_Road

Nimesoma uzi huu kama mtu anayechapisha karatasi za aina hii kila wiki, na nina mambo machache ya upande wa karatasi yenyewe.

La kwanza ni nafasi ya kuandikia. Wateja wengi huleta mistari iliyobanana kama ya gazeti kwa sababu wanataka kila kitu kiingie ukurasa mmoja. Mwandiko wa mtu mzima anayeandika huku akifikiri unahitaji milimita 9 hivi kati ya mstari na mstari. Kwenye Word usichore mistari kwa kubonyeza alama ya `_` mara nyingi, kwa sababu mtu akibadilisha herufi moja mistari yote inavunjika. Tengeneza jedwali la safu moja, uweke urefu wa kila mstari kuwa `Exactly` na `0.9 cm`, kisha uache mipaka ya chini peke yake.

La pili ni kwamba ukubwa wa nafasi humwambia mtu aandike kiasi gani. Ukiuliza jambo kubwa ukaacha mistari miwili, utapata maneno matano. Ukiacha nusu ukurasa kwa swali la ndiyo au hapana, mtu atajaza maneno matupu kwa heshima.

La tatu, kwa maswali manne na mpango, tumia karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati. Inakupa kurasa nne za A4 bila kubana kwa pini, na inakaa ndani ya shajara ya mwalimu. Kurasa 11 zenye pini huishia kwenye kiti cha matatu.

Mwezeshaji_Roysambu

Asante, kaka. Kurasa nne zinanitosha kabisa. Haya ndiyo maswali yangu ya slaidi tatu zilizobaki, naomba myakosoe.

Mipaka: "Andika jambo moja ambalo mlelewa wako amewahi kukuomba, na ambalo si kazi yako kama mlezi. Andika maneno halisi utakayomwambia akikuomba tena, na mtu utakayemwelekeza kwake." Nimelitunga hivi kwa sababu katika kila warsha kuna mwalimu ambaye mlelewa wake amemwomba mkopo wa nauli, au amemwomba azungumze na mkuu wa idara apunguziwe vipindi.

Mrejesho: "Mara ya mwisho ulipoketi nyuma ya darasa lake, uliona nini, na ulimwambia nini?"

Kufunga: "Utaufungaje uhusiano huu?"

Fundi_wa_Mtaala

La mipaka liache kama lilivyo. Hilo la "maneno halisi" ndilo linalolibeba, kwa kuwa kila mtu anajua mipaka kwa jumla, lakini akitakiwa kuiandika sentensi atakayoitamka kesho kwenye chumba cha walimu ndipo anapogundua kwamba hana.

La mrejesho ligawe. Ukiuliza "uliona nini", mwalimu mzoefu ataandika "darasa lilikuwa limechangamka" au "hakuwa amejiandaa", na hayo ni maoni. Weka safu mbili. Kwenye safu ya kwanza aandike kile ambacho kamera ingekiona: "Aliuliza maswali sita, na yote yakajibiwa na wanafunzi wa safu ya mbele." Kwenye ya pili aandike alichomwambia: "Jitahidi kuwashirikisha wote." Vikikaa bega kwa bega, mlezi anaona mwenyewe kwamba alikuwa na jambo la hakika mkononi, lakini alichompa kijana wa watu ni nasaha ya jumla. Weka mfano huo mmoja kwenye karatasi, kwa herufi za mlazo, uwe umejazwa tayari. Ila mfano uwe wa somo lisilofundishwa na yeyote kati ya washiriki, la sivyo wataunakili.

La kufunga liko mbali mno kwa mtu ambaye bado yuko mwanzoni. Kathy Kram, aliyechunguza uhusiano wa ulezi kazini katika miaka ya 1980, aliutazama kama jambo lenye vipindi: kuanza, kukua, kutengana, na kisha uhusiano kuchukua sura mpya, mara nyingi ya wenzao walio sawa. Slaidi zetu nyingi hukaa kwenye vipindi viwili vya kwanza, na ndiyo maana ya 40 ina sentensi moja tu. Uliza hivi: "Taja jambo moja ambalo leo mlelewa wako hulifanya kwa kukuuliza kwanza, na ambalo ungependa muhula ujao alifanye bila kukuuliza." Hapo anapanga kutengana bila kulitaja neno lenyewe.

Muuguzi_Langata

Swali hilo la mwisho ningefurahi sana kama mlezi wangu angeliulizwa.

Otis_wa_Umoja

Na mpango wa utekelezaji je? Jedwali langu limetupwa?

Fundi_wa_Mtaala

Halijatupwa, ila lina kasoro moja: linaanza na safu ya lengo, na mtu akikutana na neno "lengo" huandika kitu kikubwa kisicho na siku. Tarehe ukiiweka safu ya nne, ataijaza "mwisho wa muhula" ili amalize safu.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti kati ya kukusudia jambo na kuliwekea mpango wa aina ya "likitokea hili, nitafanya hili". Nia peke yake haibebi mbali. Anayetaja mapema lini, wapi na kwa namna gani ana nafasi kubwa zaidi ya kutenda, kwa kuwa hali yenyewe ikifika humkumbusha. Kwa hiyo mimi huacha jedwali, naweka sentensi yenye mapengo:

"Siku ya ______ tarehe ______, saa ______, nitakutana na mlelewa wangu mahali hapa: ______. Jambo la kwanza nitakalomwuliza ni: ______. Kinachoweza kunizuia ni ______. Kikitokea, nita______. Tarehe ______ nitaulizwa na mwenzangu ______ kama kikao kilifanyika."

Tarehe iwe ndani ya siku 10. Halafu juu ya sentensi hiyo weka mstari mmoja: "Nakili hapa sentensi moja uliyoiandika katika kurasa za mbele ambayo hutaki kuiacha jinsi ilivyo." Mstari huo ndio daraja. Bila huo, mshiriki huandika tafakuri ya kina kwenye ukurasa wa pili, kisha kwenye ukurasa wa nne hupanga jambo ambalo halihusiani nayo hata kidogo.

Jambo la mwisho ni saa. Usiiweke karatasi nzima mwishoni. Baada ya slaidi ya 14, simama, wape dakika 8 za kimya. Baada ya ya 22 na ya 29, dakika 8 tena kila mara. Swali la kufunga na mpango, dakika 20, na ziwe kabla ya chai ya mwisho, wala si baada yake, kwa sababu Jumamosi alasiri mtu aliyekwisha kunywa chai anaiwazia Barabara ya Thika.

Mwezeshaji_Roysambu

Dakika 44 za kimya ndani ya saa tatu ni nyingi. Italazimu nipunguze slaidi.

Fundi_wa_Mtaala

Zile 23 za maelezo ulizozihamishia kwenye ukurasa wa kumbukumbu, kwa nini bado unazisoma kwa sauti?

Nyota_wa_Juja

Nimerudi, na sasa nimeielewa kazi yenyewe, samahani kwa jibu langu la kwanza. Nina swali moja kutokana na mafunzo yangu. Katika kila kundi huwa kuna watu ambao bado hawajapangiwa mlelewa. Maswali haya yote yanaanza na "mazungumzo yako ya mwisho" au "mara ya mwisho ulipoketi". Hao wataandika nini?

Mwezeshaji_Roysambu

Swali zuri mno. Katika orodha ya warsha ijayo ninao 5 wa namna hiyo. Nilikuwa ninafikiria kuwaambia wabuni mlelewa.

Fundi_wa_Mtaala

Wakibuni, watabuni mlelewa mwenye adabu anayefuata ushauri. Afadhali waandike wakiwa upande ule mwingine: sentensi moja waliyomwambia mkuu wa idara wao mwaka wao wa kwanza kazini, na alichowajibu. Kwa mpango, waandike siku ya kwenda kumwuliza mwalimu mkuu watapangiwa nani. Lakini nakiri kwamba swali la mrejesho haliwatoshei vizuri, na sijawahi kupata namna inayoniridhisha.

Mwezeshaji_Roysambu

Ninaleta taarifa, kama nilivyoahidi kwa ujumbe wa faragha. Warsha ilifanyika Jumamosi. Slaidi zilikuwa 19, na karatasi ilikuwa A3 moja iliyokunjwa. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi nene: "Karatasi hii ni yako. Hakuna atakayeikusanya wala kuisoma. Kipande cha chini ya ukurasa wa nne utakichana na kukitoa ukipenda." Zile karatasi za mara ya kwanza nimezirudisha kwa wenyewe isipokuwa mbili, ambazo wenyewe wamehamishwa shule.

Kwenye swali la kusikiliza, dakika mbili za kwanza karibu nusu ya chumba hawakuandika. Nilitaka sana kuzungumza, nikajizuia kwa kwenda dirishani. Mwalimu mmoja wa hisabati, ambaye ana zaidi ya miaka 20 kazini, aliniita kwa mkono, akanionyesha kwa hiari yake alichokiandika: "Sikumbuki. Nilikuwa nikisahihisha vitabu." Kwenye mpango aliinakili sentensi hiyohiyo, kisha akaandika kwamba Jumatano saa nne na nusu watakutana chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara, kwa sababu pale hapana meza ya kuwekea vitabu.

Vipande vilivyotolewa ni 21 kati ya 24. Katika hivyo, 17 vina siku, saa na mahali. Vinne vina siku peke yake, na nikivitazama naona vyote vinne vinatoka kwa wale ambao hawajapangiwa mlelewa. Safu mbili za mrejesho ziliwachanganya wengine: watu kama sita hivi walinijia kuniuliza kama "wanafunzi walikuwa wamechoka" ni kitu ambacho kamera ingekiona. Sikuwa na jibu la haraka.

Mwandaaji aliniuliza zilipo karatasi. Nilimkabidhi bahasha ya vipande, akaipokea, lakini akasema atazungumza na wenzake kuhusu awamu ijayo.

Fundi_wa_Mtaala

Kuhusu uchovu, waulize walichokiona kilichowafanya waseme wamechoka: wangapi walikuwa wamelaza vichwa, katika dakika ya ngapi ya kipindi. Liongeze hilo kama mstari mdogo chini ya safu ya kwanza: "Ulijuaje?"

Otis_wa_Umoja

Mwezeshaji, nikuombe: tarehe hizo 17 zikipita, tuambie ni vikao vingapi vilifanyika. Na wale walioandika jina la mwenzao wa kuwauliza, kama kweli waliulizwa.

Mwezeshaji_Roysambu

Tarehe ya mwisho kwenye vipande ni Jumanne ya wiki ijayo. Nitapiga simu kuanzia Jumatano.